rTMS, ECT au dawa ya tatu? Ulinganisho kwa tabibu anayeandika rufaa ya mgonjwa wa sonona

Mgonjwa wa sonona aliyemaliza dawa mbili kwa dozi kamili na bado hajapona ana njia tatu mbele yake: kubadilishiwa au kuongezewa dawa, kupelekwa rTMS, yaani tiba ya mapigo ya sumaku kichwani, au kupelekwa ECT, yaani tiba ya mshtuko wa umeme. Mara nyingi dawa ya tatu huandikwa kwa sababu tu kalamu iko mkononi. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uitwao STAR*D, uliochapishwa mwaka 2006, takriban mtu 1 kati ya 3 alipona kwa dawa ya kwanza, na hatua ya pili haikuwa mbali sana na hapo. Kufikia hatua ya tatu, waliopona walikuwa kama 14 tu kati ya 100. Hapo ndipo swali la rTMS linapostahili kuulizwa kwa dhati, kabla mgonjwa hajazungushwa dawa tano au sita, kwa kuwa kadiri dawa zinavyozidi kushindwa ndivyo na rTMS yenyewe inavyopungukiwa nguvu.

Katika rTMS, koili huwekwa juu ya kichwa, upande wa kushoto mbele, na kutoa mapigo ya sumaku yanayozaa mkondo mdogo wa umeme kwenye gamba la ubongo chini yake. Mgonjwa yuko macho, ameketi, na akimaliza anajiendea zake. ECT ni jambo jingine kabisa: mgonjwa hulazwa usingizi kwa dawa, misuli hulegezwa, kisha umeme hupitishwa kichwani kwa makusudi ili kuzaa mshtuko wa kifafa wa muda mfupi, na mshtuko huo ndio tiba. Kwenye rTMS mshtuko wa kifafa ni ajali inayokwepwa. Tofauti hii moja inaeleza karibu kila kitu kinachofuata, pamoja na orodha ya maswali ya usalama.

| | Dawa ya tatu | rTMS | ECT |
|---|---|---|---|
| Mahudhurio | Kila wiki 2 hadi 4 | Siku 5 kwa wiki, wiki 4 hadi 6 | Mara 2 au 3 kwa wiki, vipindi 6 hadi 12 |
| Dawa ya usingizi | Hapana | Hapana | Ndiyo, kila kipindi |
| Nafuu huonekana | Wiki 4 hadi 6 | Mara nyingi wiki ya 3 au ya 4 | Mara nyingi ndani ya wiki 2 |
| Kero ya kawaida | Uzito, usingizi, tendo la ndoa | Maumivu ya kichwa na ya ngozi ya kichwa | Kuchanganyikiwa baada ya kuamka, kumbukumbu kupotea |
| Kinachozuia | Madhara, kuingiliana na dawa nyingine | Chuma kichwani, kifafa | Hatari ya usingizi wa dawa |

Nani aende wapi

Anza na wale ambao hawafai kusubiri. Aliyeacha kula na kunywa, mwenye katatonia, anayesikia sauti zinazomhukumu au anayeamini viungo vyake vimeoza, na aliye katika hatari ya kujiua leo au kesho: hao ni wa ECT. rTMS huchukua wiki tatu au nne kuonyesha kazi yake, na kwenye sonona yenye saikosisi ushahidi wake ni dhaifu ilhali wa ECT ni imara. Tafiti zilizolinganisha tiba hizi mbili ana kwa ana kwa ujumla zimeipa ECT ushindi, hasa kwa wagonjwa mahututi. Kumpeleka mgonjwa wa namna hiyo rTMS kwa sababu familia inaogopa neno «umeme» ni kumpotezea mwezi ambao huenda hana. Ila hakikisha kwanza kwamba huko unakompeleka ECT hufanywa kwa dawa ya usingizi na ya kulegeza misuli. Bila hivyo ulinganisho huu haupo, na Shirika la Afya Duniani linapinga ECT ya namna hiyo.

Mgonjwa wa rTMS ni yule aliye na sonona ya wastani hadi kali isiyo na saikosisi, anayekula na kutembea, aliyeshindwa dawa kati ya mbili na nne, au asiyestahimili madhara ya dawa. Awe anaweza kufika kituoni siku tano kwa wiki. Sharti hili la mwisho ndilo tabibu hulisahau, na ndilo linalovunja kozi nyingi kuliko dalili yoyote ya mwili. Vipindi 30 ni safari 30 kwenda na kurudi, na mashine hizi ziko mijini. Kabla hujataja rTMS mbele ya mgonjwa anayeishi mbali, uliza atafikia kwa nani mjini kwa wiki sita, mwajiri atamruhusu vipi, na nauli itatoka wapi. Kama jibu ni kwamba ataweza siku mbili kwa wiki, ratiba hiyo siyo iliyofanyiwa utafiti, na dawa iliyosimamiwa vizuri itamsaidia zaidi.

Dhidi ya dawa, rTMS haiji kama mbadala bali kama nyongeza: mgonjwa huendelea na dawa yake. Utafiti wa Marekani wa ASCERTAIN-TRD, uliochapishwa mwaka 2024, uliwagawa wagonjwa waliokwishashindwa dawa mbili au zaidi: wengine wakabadilishiwa kwenda venlafaksini au duloksetini, wengine wakaongezewa aripiprazoli, wengine wakaongezewa rTMS. Walioongezewa rTMS walipata nafuu kubwa kuliko waliobadilishiwa dawa. Kabla ya kuufuata utafiti huo, hakiki kwamba «kushindwa dawa» kwa mgonjwa wako ni kweli: amitriptilini miligramu 25 usiku kwa miezi sita si jaribio la dawa ya sonona, na sertralini iliyoachwa siku ya kumi kwa sababu ya kichefuchefu haihesabiki. Hesabu zile tu zilizofika dozi ya tiba na kukaa hapo angalau wiki sita.

Uchujaji wa usalama: chuma kwanza, kifafa pili

Swali la chuma ni la mahali kilipo kuhusiana na koili. Chochote cha chuma au kinachopitisha umeme kilicho ndani ya kichwa au karibu nacho, kwa kawaida ndani ya sentimita 30 kutoka kwenye koili, kinaweza kupata joto, kusogea au kuharibika. Klipu ya kubana mshipa wa ubongo uliovimba, kifaa cha kusikia kilichopandikizwa ndani ya sikio, waya za kuchochea ubongo, na vipande vya risasi au bomu vilivyobaki usoni au kichwani, vyote huzuia. Kujaza meno kwa kawaida hakuzuii, wala sahani za chuma mguuni au kwenye nyonga. Kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo hakimfukuzi mgonjwa moja kwa moja, ila hakitoshi kuandikwa tu «ana kifaa»: andika aina yake na kilipo, ili kituo kiamue pamoja na daktari wa moyo.

Usiulize «una chuma mwilini?» kwa sababu wengi watajibu hapana. Uliza umewahi kupasuliwa kichwa, jicho au sikio. Umewahi kufanya kazi ya kuchomelea au kusaga vyuma na kipande kikaingia jichoni. Umewahi kupigwa risasi au kuwa karibu na mlipuko. Mchomeleaji ambaye hana hakika kuhusu jicho lake apigwe eksirei ya macho kwanza.

Kwenye kifafa, mambo matatu hukusanya hatari: ubongo wenye kovu, dawa zinazoshusha kizingiti cha mshtuko, na hali ya siku ile. Kwa mgonjwa aliyechujwa vizuri hatari ni ndogo sana, chini ya mshtuko 1 kwa kila vipindi 10,000. Hatari hiyo ni ndogo kwa sababu watu huchujwa.

Kovu la ubongo kwetu lina sababu zake. Uliza malaria kali ya utotoni iliyompoteza fahamu, homa ya uti wa mgongo, na ajali ya pikipiki. Kwa anayetoka maeneo ambako nguruwe hufugwa huria, kama Mbulu au Mbozi, fikiria minyoo ya tegu kwenye ubongo, hasa kama kuna maumivu ya kichwa ya muda mrefu au alishawahi kuanguka. Degedege moja la homa akiwa na miaka miwili halimfungii mtu mlango. Kuanguka na kutetemeka ukubwani, hata mara moja, kunahitaji picha ya ubongo na maoni ya daktari wa neva kabla ya rufaa.

Dawa za sonona zenyewe, zikitumika kwa dozi ya kawaida isiyobadilika, hazimzuii mgonjwa. Zinazotaka jicho la karibu ni bupropioni kwa dozi kubwa, dawa za kundi la amitriptilini, klozapini, na tramadoli, ambayo wagonjwa wengi hununua duka la dawa wala hawaitaji kwa kuwa kwao ni «ya mgongo» tu. Mefulokwini na klorokwini nazo ziulizwe. Hatari nyingine kubwa ni kuacha ghafla: pombe iliyokuwa ya kila siku, au diazepamu iliyokuwa ya kila usiku. Tabibu anayempenda mgonjwa wake huweza kumsimamishia diazepamu Ijumaa ili «aanze rTMS akiwa safi» Jumatatu, na hapo amemtengenezea mshtuko. Pia kuna ushahidi kwamba wanaotumia dawa za kundi la diazepamu hunufaika na rTMS kwa kiwango cha chini kuliko wengine. Kwa hiyo ipunguze polepole, na ukishindwa kuimaliza kabla ya kozi, ishikilie ilipo.

Hali ya siku ile inahusu usingizi. Aliyekesha msibani asifanyiwe kipindi asubuhi yake, aahirishiwe kesho. Mwambie mapema kwamba kuahirisha siku moja hakuharibu kozi, la sivyo atakuficha.

Mashine hufanya nini, na wapi hukosewa

Siku ya kwanza mtoa tiba hutafuta kizingiti cha msuli. Koili huwekwa juu ya eneo la ubongo linaloendesha mkono wa kulia, na nguvu hupandishwa na kushushwa mpaka kidole gumba kistuke mara 5 katika mapigo 10. Tuseme imetokea kwenye asilimia 52 ya uwezo wa mashine. Nguvu ya tiba ni asilimia 120 ya kizingiti hicho, yaani 62 hivi. Mtu ambaye kizingiti chake kinazidi 83 hawezi kufikishiwa dozi kamili, kwani mashine ingetakiwa kuzidi 100. Ukiona namba hiyo kwenye barua ya kituo, ujue dozi ilikuwa pungufu, na «kutonufaika» kwake kusomwe hivyo.

Kisha koili husogezwa mbele. Zamani ilisogezwa sentimita 5 hadi 5.5 kutoka sehemu ya kidole gumba kwa kila mtu, na kwenye kichwa kikubwa ilikuwa ikiishia nyuma ya mahali panapotakiwa. Siku hizi vituo vingi hupima kwa futi: kutoka kati ya macho hadi kisogoni, kutoka sikio hadi sikio, na mzunguko wa kichwa, kisha hukokotoa sehemu iitwayo F3. Wengine hutumia picha ya MRI kuelekeza. Muulize mtoa tiba anatumia njia ipi. Swali hilo moja litakuambia mengi kuhusu kituo.

Mapigo yenyewe huja kwa ratiba mbili zinazotumika sana. Ya kwanza ni mapigo 10 kwa sekunde, kwa mafungu ya sekunde 4 na mapumziko ya sekunde 26, jumla mapigo 3,000 kwa dakika 37 na nusu. Ya pili huitwa iTBS: mapigo 600 kwa dakika 3 na sekunde chache. Mwaka 2018 utafiti wa Kanada uitwao THREE-D, wenye wagonjwa 414, ulionyesha kwamba ile fupi haipungui nguvu mbele ya ile ndefu: nusu hivi walipata nafuu kubwa upande wowote, na waliopona kabisa walikuwa 27 kwa 100 kwenye ile ndefu na 32 kwa 100 kwenye iTBS. Kwa hiyo usimchagulie mgonjwa kituo kwa sababu kipindi chake ni kirefu. Iliyo fupi humruhusu kuwahi kazini, ingawa huweza kuuma kidogo zaidi.

Maumivu ya ngozi ya kichwa ndiyo sababu ya wengi kukata tamaa siku ya pili. Huweza kuzuilika kwa kuanza na nguvu ndogo, asilimia 80 au 90 ya kizingiti, na kupanda taratibu ndani ya wiki ya kwanza. Kope likicheza sana au taya likibana, koili huzungushwa kidogo. Parasetamoli kabla ya kipindi hutosha kwa wengi, na plagi za masikio ni lazima kila kipindi, kwa mgonjwa na kwa mtoa tiba, maana koili hupiga kelele.

Mgonjwa akianguka kwenye kiti, mara nyingi si kifafa. Kuzirai ni kwa kawaida zaidi, hasa kipindi cha kwanza kwa aliyekuja na njaa na hofu: hubadilika rangi, hutoka jasho, huona giza, hulegea, na akilazwa miguu juu huzinduka ndani ya sekunde na kujijua alipo. Mshtuko wa kifafa humkakamaza na kumtetemesha, pengine hung'ata ulimi au kujikojolea, kisha hubaki amechanganyikiwa kwa dakika kadhaa. Koili huondolewa mara moja, mgonjwa hulazwa ubavu, saa huangaliwa. Mishtuko hii kwa kawaida hukoma yenyewe upesi, lakini kozi husimama hapo mpaka sababu ijulikane.

Mfano: kutoka rufaa hadi kipindi cha 30

Tuchukue mwalimu wa miaka 46, sonona ya mara ya pili, miezi 14 sasa. Sertralini miligramu 150 kwa wiki 10, kisha venlafaksini miligramu 150 anayoendelea nayo tangu wiki 8. PHQ-9, yaani alama za dodoso la sonona, ni 19. Hana saikosisi, huwaza kufa ila hana mpango, na ana dada anayekaa naye. Anatumia diazepamu miligramu 10 usiku, na tramadoli siku mbili tatu kwa wiki. Alianguka na bodaboda miaka sita iliyopita, akapoteza fahamu kama dakika kumi. Mguuni ana sahani ya chuma.

Sahani ya mguuni haituhusu. Ajali inahitaji picha ya ubongo, na hapa ni safi. Tramadoli inaondoka kabla ya kipindi cha kwanza na parasetamoli inachukua nafasi, jambo ambalo lingepaswa kufanyika hata bila rTMS, kwani ikichanganyika na venlafaksini huzidisha serotonini. Diazepamu inashushwa miligramu 2 kila baada ya wiki mbili akiwa kwenye foleni ya kituo, ikafika 6, na hapo inabaki kozi nzima. Venlafaksini haiguswi. Hayo yote yaandikwe kwenye barua ya rufaa kwa dozi na tarehe, pamoja na PHQ-9 ya siku hiyo, kwa sababu kila badiliko la dawa katikati ya kozi hulazimu kizingiti kipimwe upya.

Kipindi cha 10, PHQ-9 ni 18. Hapa ndipo atakupigia simu kusema haisaidii. Mwambie, na dada yake asikie, kwamba wiki mbili bila badiliko ni kawaida. Aliyekuwa ameambiwa hivyo mwanzoni haachi. Ila kama hamu ya kufa imeongezeka au ameanza kupanga, usimtulize kwa maneno hayo: mwone siku hiyohiyo na ufikirie ECT. Kipindi cha 20, PHQ-9 ni 12, na kabla ya namba kushuka dada alishaona anaoga bila kusukumwa na anasahihisha madaftari. Kipindi cha 30 ni 8. Imeshuka zaidi ya nusu, hivyo ameitikia, lakini hajapona kabisa, maana kupona ni chini ya 5. Hupewa vipindi 6 vya kushuka taratibu ndani ya wiki tatu: vitatu, viwili, kimoja.

Kama kipindi cha 20 kingemkuta bado na 18, uamuzi ungekuwa mgumu zaidi. Wapo wanaoitikia wakichelewa, kwa hiyo kumalizia hadi 30 ni halali, baada ya kuhakiki kwamba hakukosa vipindi, dozi ilifika 120, na koili ipo mahali pake. Akifika 30 bila lolote, mrudishe kwenye meza ya ECT mapema, bila kumpitisha kwanza kwenye dawa mbili zaidi.

Angalia pia upande wa pili. Anayelala kwa muda wa saa tatu tu, anaongea mfululizo na ghafla ana miradi kumi huenda anaingia mania. Ni nadra, ila kwa mwenye historia ya baipola hakikisha ana dawa ya kuimarisha hali kabla ya kuanza, na vipindi visimame ukiona dalili hizo.

Kozi ikiisha, mgonjwa anarudi kwako na dawa yake ileile. Usiipunguze kwa furaha ya matokeo. Katika ufuatiliaji wa mwaka mmoja uliofanywa Marekani kwa walioitikia, takriban 6 kati ya 10 walidumu na nafuu yao, baadhi kwa kurudiwa vipindi pale dalili zilipoanza kurejea. Mpime PHQ-9 kila mwezi kwa mwaka huo, na ikipanda kwa alama 5 au zaidi mara mbili mfululizo, mrudishe kituoni wakati bado anaweza kusafiri mwenyewe. Aliyeitikia mara ya kwanza ana nafasi nzuri ya kuitikia tena, na barua ya kizingiti chake cha msuli, mahali pa koili na ratiba aliyopewa iwe kwenye faili lako, kwa sababu mtoa tiba atakayempokea huenda si yule wa mwanzo.